Toa semikoloni, weka nukta, afu uone sentensi zinavyoshikana

Kazi yangu ni kusoma Kiingereza cha watu wanaofikiri kwa Kiswahili. Ripoti za miradi, tasnifu za masta, maombi ya ruzuku, barua za bodi, vyote vinapita kwangu kabla havijaenda kunakohusika, na kama kuna kitu naweza kukitabiri kabla hata sijafungua faili basi ni semikoloni. Zinakuwa nyingi, na nyingi ziko mahali ambapo hazisaidii. Watu wamefundishwa shuleni kwamba ile alama ni kituo cha kati, yani kizito kuliko mkato na chepesi kuliko nukta, basi kila mtu akihisi mawazo yake mawili yana uhusiano fulani anaipachika katikati na kusonga mbele. Mimi naamini kinyume chake kabisa. Mara nyingi mawazo mawili ya Kiingereza yanashikana vizuri zaidi ukiyatenganisha kwa nukta kuliko ukiyaunga kwa semikoloni, na nataka nieleze kwa nini kwa kirefu maana hili jambo linagharimu watu maksi, linagharimu watu hela za miradi, na halifundishwi vizuri.

Tuanze na aya yenyewe, maana mambo ya alama ukiyasema hewani hayaeleweki. Hii hapa nimeitunga mimi ili nisimwanike mtu, ila ni ya ukoo uleule na zile ninazozisoma kila siku:

> The project drilled one borehole in the village; the water was clean; however, the pump failed in the third month; there was no technician nearby; the women returned to the river.

Kisarufi hapo hakuna kosa. Semikoloni inataka kitu kimoja cha msingi, kwamba kilichopo kushoto kiwe kishazi huru na kilichopo kulia kiwe kishazi huru, yani kila upande uwe na kiima chake na kitenzi chake na uweze kusimama wenyewe kama sentensi. Hapo vipande vyote vitano vinasimama. Mwalimu akikagua hana pa kupiga mstari mwekundu, na ndo maana aya kama hii inapita mikononi mwa watu watatu wanne bila mtu kuigusa.

Sasa isome kama mtu wa ofisi ya mfadhili ambaye kijiji hicho hajawahi kukiona. Kisima kimechimbwa, maji ni masafi, pampu imekufa, fundi hayupo, kina mama wamerudi mtoni. Sawa, lakini pampu ilikufa kwa sababu hakukuwa na fundi wa kuihudumia, au ilikufa tu yenyewe afu ikabaki imekufa kwa sababu hakuna wa kuitengeneza? Hizo ni habari mbili tofauti sana kwa mtu anayetoa hela, maana kwenye ya kwanza tatizo ni matunzo na dawa yake ni kufundisha vijana wawili pale kijijini, na kwenye ya pili tatizo ni pampu iliyonunuliwa na dawa yake ni kumrudia muuzaji. Na kina mama je, wameacha kisima moja kwa moja au wamerudi mtoni kwa muda tu wakati wanamsubiri fundi? Mwandishi anayajua yote hayo, alikuwepo, ameongea nao, ameona pampu kwa macho yake. Ila ameiachia semikoloni iseme, na semikoloni haina uwezo huo. Inachoweza kusema ni kwamba hivi vitu viwili vina uhusiano, basi. Haisemi ni uhusiano gani, haisemi kipi kimesababisha kipi, haisemi kipi ni kikubwa na kipi ni cha pembeni, na ikitumika mara nne mfululizo inamwambia msomaji kwamba vyote vina uzito mmoja.

Kuna sababu kwa nini sisi hasa tunaangukia hapa, na nadhani walimu wengi hawaiangalii. Hebu isimulie hadithi hiyohiyo kwa Kiswahili: mradi ulichimba kisima, maji yakatoka masafi, mwezi wa tatu pampu ikafa, fundi akakosekana, kina mama wakarudi mtoni. Hakuna anayepotea hapo. Ile -ka- inafanya kazi kubwa sana, kila ikitokea inakuambia tukio hili limefuata lile, na mara nyingi inakupa na hisia kwamba limetokana na lile, kwa hiyo mkato kwetu unabaki kuwa mahali pa kuvuta pumzi tu, uzi wenyewe uko ndani ya kitenzi. Unaweza kwenda sentensi ndefu ya vitenzi kumi na mtu akakusikiliza mpaka mwisho bila kukuuliza swali. Kiingereza hakina kitu hicho. Ukisema *failed* na ukisema *returned* umesema tu kwamba vyote viwili ni vya zamani, kitenzi hakibebi mfuatano wala chanzo, kwa hiyo lazima uzi ukautafute kwingine, kwenye viunganishi, kwenye viwakilishi, kwenye mpangilio wa nini kinaanza sentensi na nini kinaimaliza.

Sasa mtoto wa sekondari anaandika kama anavyosema:

> The pump failed, the women returned to the river.

Mwalimu anamwekea alama nyekundu, kwa sababu Kiingereza rasmi hakikubali vishazi huru viwili viungwe kwa mkato peke yake, na mwanafunzi anaambiwa dawa ni semikoloni. Na kweli alama nyekundu inaondoka. Ila uzi uliokuwa kwenye -ka- haujarudi. Tumeondoa kosa lililoonekana na tumeacha pengo ambalo halionekani, afu huyo mtoto anakua, anaenda chuo, anapata kazi, na anaandika ripoti ya kisima kama ile ya pale juu huku akiamini ameandika Kiingereza cha hadhi. Hata programu ya kuandikia kwenye kompyuta ikiona mkato kama ule inaupigia mstari na pendekezo lake mara nyingi ni hilohilo la semikoloni, kwa hiyo mtu anathibitishiwa kila siku.

Turudi kwenye aya tuitengeneze. Hatua ya kwanza ambayo naifanya ni kuzitoa semikoloni zote na kuweka nukta, bila kubadilisha neno hata moja. Matokeo yake ni mabaya na hilo ni jambo la kutarajia:

> The project drilled one borehole in the village. The water was clean. However, the pump failed in the third month. There was no technician nearby. The women returned to the river.

Inasomeka kama mtu anayehesabu mawe. Watu wengi wakifika hapa wanashtuka na kurudisha semikoloni zao, wanasema si unaona, zimekatikakatika. Ni kweli zimekatika, lakini zilikuwa zimekatika tangu mwanzo, semikoloni ilikuwa inazifunika tu. Nukta yenyewe haiungi chochote, na sitaki mtu anielewe hivyo. Nukta inachofanya ni kukulazimisha uanze sentensi mpya, na kwenye Kiingereza mwanzo wa sentensi ndo mahali pa kuungia. Ukiwa na semikoloni unaweza kuanza kipande cha pili na kitu chochote kwa sababu unajiona bado uko ndani ya sentensi ileile. Ukiwa na nukta na herufi kubwa inayokusubiri unajiuliza, haya, naanzia wapi?

Na jibu karibu kila mara ni kwamba anzia pale msomaji alipo. Anza na kitu ambacho sentensi iliyopita imekiacha mkononi mwake, afu mpeleke kwenye kipya, na kile kipya ukiweke mwishoni. Hii ndo aya baada ya kuongea na mwandishi na kujua kilichotokea:

> The project drilled one borehole in the village, and the water was clean. In the third month the pump failed. It needed a technician, and the nearest one was in the district town. While they waited for him, the women went back to the river.

Angalia vizuri hapo kwenye maungio. Sentensi ya kwanza na ya pili hazina kiunganishi kati yao lakini *In the third month* inakuweka kwenye muda, unajua hadithi inasonga. Sentensi ya tatu inaanza na *It* na wewe unajua ni pampu kwa sababu pampu ndo tumetoka kuiacha. Fundi anaingia mara ya kwanza kama *a technician*, mtu yeyote wa ufundi huo, afu *the nearest one* inamshika palepale, afu sentensi ya nne inamshika tena kwa *him*. Na ile *While they waited* inafanya kazi ambayo -ka- ingeifanya na zaidi, maana inakuambia kina mama hawakususa kisima, walikuwa wanasubiri. Swali la mfadhili limejibiwa bila kuandika sentensi ya ziada ya kulijibu. Na kitu kingine ni ile *the pump failed* imesimama peke yake kabla ya nukta. Kwenye Kiingereza neno la mwisho kabla ya nukta linabeba uzito kuliko yote, na hii ndo habari kubwa ya aya nzima, kwa hiyo imepewa mwisho wake yenyewe. Kwenye toleo la kwanza ilikuwa imebanwa katikati ya sentensi ya maneno karibu thelathini, msomaji anaipita.

Na kama ukweli ulikuwa ule mwingine, kwamba pampu ilikufa kwa kukosa matunzo, basi sentensi zinapangwa vingine kabisa:

> Nobody in the village had been trained to service the pump. By the third month it had failed.

Hapo sijaandika *because* popote na bado sababu imekaa wazi, kwa sababu ya mpangilio na kwa sababu ya *had been* na *By*. Hiki ndo ninachomaanisha nikisema nukta inaunga vizuri zaidi. Matoleo haya mawili yanasema mambo mawili tofauti na mwandishi alilazimika kuchagua. Toleo la semikoloni lilimruhusu asichague.

Kuna neno moja linahitaji kusemwa hapa kwa sababu linaongozana na semikoloni kila mahali, nalo ni *however*, pamoja na ndugu zake *therefore* na *moreover*. Haya maneno yana maana ya kuunga lakini kisarufi si viunganishi, ni vielezi, kwa hiyo hayawezi kubeba vishazi huru viwili yakiwa na mikato tu kila upande. Angalia hii:

> The committee met in May, however, the chairman did not sign.

Msomaji akifika kwenye *however* hajui kama inafungana na kilichopita au kinachokuja. Kitabu cha sarufi kitakuambia weka semikoloni kabla yake na mkato baada yake, na ni sahihi. Ila mimi naweka nukta, afu mara nyingi naibadilisha kabisa iwe *But the chairman did not sign*. Najua wengi mlikatazwa kuanza sentensi na *But*. Hiyo ni sheria ya darasani tu, waandishi wazuri wa Kiingereza wanaanza hivyo siku zote, na neno lenye herufi tatu mwanzoni mwa sentensi fupi linageuza mwelekeo kwa nguvu kuliko neno refu lililofungiwa kati ya semikoloni na mkato. Kama ofisi yako haikubali *But*, andika *The chairman, however, did not sign*, ambayo ina faida yake pia maana inamweka mwenyekiti mbele na kumtofautisha na wajumbe wenzake.

Sasa semikoloni ibaki wapi, maana sisemi ifutwe. Mimi natumia kipimo cha kugeuza. Chukua vile vishazi viwili, cha kulia kilete kushoto na cha kushoto kipeleke kulia, afu soma. Kama maana haijayumba, yani hakuna chanzo na matokeo ndani yake, hakuna kwanza na baadaye, ni vitu viwili vinavyotazamana vikiwa na uzito sawa, basi semikoloni iko nyumbani kwake:

> The men wanted the well near the road; the women wanted it near the school.

Igeuze, anza na wanawake, hakuna kilichoharibika. Hapo nukta ingekuwa na hasara kidogo kwa sababu ingempa msomaji nafasi ya kuwaona wanaume kwanza kama ndo habari, afu wanawake kama nyongeza, na semikoloni inawashika wote kwenye pumzi moja. Lakini jaribu kugeuza ile ya pampu, weka kina mama wamerudi mtoni kwanza afu pampu imekufa, na hadithi inakuwa nyingine. Kikishindwa kugeuka ujue kuna uhusiano ndani yake ambao hujausema, na kazi yako ni kuusema. Kwenye ripoti ya kurasa ishirini nikipima hivyo zinabaki chache sana.

Matumizi mengine ambayo sina ugomvi nayo ni kwenye orodha ambayo vipengele vyake vina mikato ndani, kama mtu anataja miji na mikoa yake:

> The team visited Bagamoyo, Pwani; Pangani, Tanga; and Kilwa Masoko, Lindi.

Weka mikato mitupu hapo na mtu asiyeijua pwani yetu atahesabu sehemu sita. Ndo mtindo huohuo unaouona kwenye sheria zetu zilizoandikwa kwa Kiingereza, Tanzania na Kenya, kila aya ndogo yenye (a) na (b) inaishia kwa semikoloni mpaka ya mwisho. Pale semikoloni haiungi mawazo, inatenga vyumba, na mtu wa sheria anajua chumba hiki kinaishia hapa.

Na kwa kuwa tumeigusa sheria, kuna kisa kimoja ambacho kila anayeandika Kiingereza cha ofisi anapaswa kukijua, maana kinaonesha semikoloni ikiwa imeachwa peke yake kubeba maana kwenye jambo zito kuliko yote. Tarehe 8 Agosti 1945 Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti walisaini London mkataba wa kuwahukumu viongozi wa Ujerumani ya Wanazi, na ndani yake kulikuwa na hati ya mahakama itakayokaa Nuremberg. Ibara ya 6, kipengele cha (c), ndo kilichotaja makosa dhidi ya ubinadamu. Kwa Kiingereza kiliorodhesha mauaji, maangamizi, utumwa, kuhamisha watu kwa nguvu na ukatili mwingine dhidi ya raia, afu kikaendelea:

> ... before or during the war; or persecutions on political, racial or religious grounds in execution of or in connection with any crime within the jurisdiction of the Tribunal...

Tazama ile semikoloni baada ya *war*. Baada yake yanatajwa mateso ya kisiasa, ya rangi na ya dini, na mwishoni kuna sharti, kwamba yawe yamefanyika katika kutekeleza au kwa kuhusiana na kosa lingine lililo chini ya mahakama hiyo, yani kwa vitendo yahusiane na vita. Swali ni moja tu, lile sharti linafika wapi? Ukiiheshimu semikoloni kama ukuta, sharti linakaa upande wa kulia peke yake, linahusu mateso, na mauaji na maangamizi ya upande wa kushoto hayalihitaji, kwa hiyo mauaji ya raia yaliyofanyika hata kabla ya vita, ndani ya Ujerumani yenyewe, yangeweza kuhukumiwa bila kuonesha yanahusiana vipi na vita. Ukiweka mkato badala yake, ukuta unaanguka na sharti linamwagika mpaka mwanzo wa orodha, linafunika yote.

Na maandishi ya Kirusi yalikuwa na mkato. Nakala za Kiingereza na Kifaransa zilikuwa na semikoloni, na zote zilihesabika kuwa mkataba uleule. Basi tarehe 6 Oktoba 1945, Berlin, wawakilishi wa nchi zote nne walisaini itifaki kwa ajili ya jambo hilo, Robert Jackson wa Marekani, Hartley Shawcross wa Uingereza, François de Menthon wa Ufaransa na Roman Rudenko wa Umoja wa Kisovieti, ikisema Warusi wako sahihi na semikoloni ya Kiingereza ibadilishwe iwe mkato, na Kifaransa nacho kirekebishwe kifanane. Kesi ilifunguliwa Novemba mwaka huohuo. Hukumu ilipotoka mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 1946, mahakama ilikubali kwamba ukatili wa kutisha ulifanyika Ujerumani kabla ya 1939, lakini ikasema haijathibitishiwa kwamba ulifanyika kwa kuhusiana na makosa mengine yaliyo chini yake, kwa hiyo haiwezi kutamka kwa ujumla kwamba matendo ya kabla ya 1939 ni makosa dhidi ya ubinadamu kwa maana ya ile hati. Siwezi kusema alama moja ndo iliamua yote hayo, kulikuwa na nia za serikali nne nyuma yake, ila baada ya Berlin ule mlango ambao semikoloni ilikuwa imeuacha wazi ulikuwa umefungwa.

Mimi nikikisoma kile kipengele kama mhariri naona shida haikuwa semikoloni dhidi ya mkato. Shida ni kwamba makosa ya aina mbili na sharti moja viliwekwa kwenye sentensi moja, afu alama ikaachiwa kazi ya kusema sharti ni la nani. Ingewekwa nukta pale baada ya *war*, mwandishi angelazimika kuchagua waziwazi. Angetaka sharti lihusu yote, angelirudia kwenye sentensi ya kwanza kwa maneno kamili. Asingetaka, angeliacha kwenye ya pili tu, na Mrusi, Mfaransa na Mwingereza wote wangeona kitu kilekile siku ya kwanza. Ni kitu kilekile cha pampu na kina mama, ila huku ni uhai wa watu.

Koloni sasa, ile nukta pacha, ambayo kwangu ni alama nzuri na watu hawaitendei haki. Tofauti yake na semikoloni ni kwamba koloni ina mwelekeo. Kushoto unaahidi, kulia unalipa:

> The pump failed for a simple reason: nobody had been shown how to change the rubber seal.

Ukijaribu kipimo cha kugeuza hapa kinagoma kabisa, na ndo inavyotakiwa, kwa sababu uhusiano wa koloni unajulikana, ni wa kufafanua. Msomaji akiiona anajua anakaribia kupewa kile kilichotajwa. Kwa hiyo mtu anayeandika semikoloni pale ambapo upande wa pili unaeleza wa kwanza amechukua alama isiyosema kitu akaacha inayosema. Hilo nalibadilisha bila hata kumuuliza mwandishi.

Kosa la koloni ninalokutana nalo kuliko yote ni kuiweka kabla ahadi haijakamilika:

> The districts visited were: Bagamoyo, Kibaha and Mafia.

Ukikata pale kwenye *were* huna sentensi, una mtu aliyekatizwa. Upande wa kushoto wa koloni lazima uweze kusimama wenyewe kwenye maandishi ya kawaida, kwa hiyo ama itoe koloni kabisa uache *were Bagamoyo, Kibaha and Mafia*, au kamilisha ahadi, *The team visited three districts*, afu ndo uweke koloni. Ni hivyohivyo kwa *such as* na *including*, baada ya hayo koloni haina kazi. Kwenye orodha za kushuka chini kama za slaidi watu wamelegeza sana hii sheria na sipigani nayo huko, ila ndani ya aya naipigania.

Na hata koloni nayo inafika mahali nukta inaishinda. Koloni inalipa vizuri deni la sentensi moja. Maelezo yakiwa marefu, sentensi mbili tatu, msomaji hajui deni limeishia wapi, anadhani sentensi ya kwanza baada ya koloni ndo jibu lote na zinazofuata ni habari mpya. Kwa hiyo hii sio nzuri:

> The review found one problem: spare parts were kept in Dar es Salaam. Orders took six weeks. Nobody told the villages.

Tatizo ni moja au ni matatu? Toa koloni uone:

> The review found one problem, and it began in Dar es Salaam. The spare parts were kept there. An order took six weeks to reach a village, and in those six weeks nobody told the village anything.

*There* inashika Dar, *those six weeks* inashika wiki sita, na tatizo limebaki moja mpaka mwisho, kuchelewa. Nimeongeza maneno kumi na sita na sijutii hata moja.

Suala la herufi kubwa baada ya koloni nalijibu haraka maana naulizwa kila mara. Uingereza kwa kawaida wanaendelea na herufi ndogo hata kama kinachofuata ni sentensi kamili. Mtindo wa APA, ambao vyuo vyetu vingi vinautumia kwenye tasnifu, unataka herufi kubwa kama kinachofuata ni sentensi kamili, na ndogo kama ni orodha au kipande. Uliza idara yako inafuata upi afu uufuate kitabu kizima. Na usiweke koloni mbili kwenye sentensi moja, ahadi ndani ya ahadi haisomeki.

Kama una drafti inayotakiwa kwenda kesho, bonyeza Ctrl+F, andika ; kwenye kisanduku na upite moja baada ya nyingine. Ikiwa ndani ya orodha yenye mikato, iruke. Ikiwa upande wa kulia unaeleza wa kushoto, weka koloni. Geuza zilizobaki, zinazogeuka ziache, na zisizogeuka weka nukta lakini usiondoke hapo mpaka umeandika upya mwanzo wa sentensi inayofuata, kwa *it*, kwa *this* yenye nomino mbele yake kama *this delay*, kwa *while*, kwa *by*, kwa chochote kile kinachoshika mkia wa iliyopita. Ikikushinda kupata cha kushikia, rudi kwenye daftari lako la uwandani, maana mara nyingi hapo ndo unagundua kwamba ulichoandika kushoto na ulichoandika kulia vilikuwa vimekaa jirani tu na hujawahi kumuuliza mtu vinahusianaje.